Akaunti ina jina la mume, kitambulisho kina jina la baba

Nilipoolewa nilibadilisha jina kwenye akaunti yangu ya mtandao wa kijamii wiki ileile. Kitambulisho sikukigusa, kikabaki na jina la baba. Sikuona tatizo hadi simu ilipopotea na nenosiri likanitoka kichwani.

Nikakimbilia kuwatumia wenye mtandao picha ya kitambulisho ili wanirudishie akaunti. Jibu: jina halilingani. Nikatuma tena kilekile, mara mbili zaidi, kana kwamba wangechoka wanikubalie.

Nilianza na mlango usio wangu. Jina hutazamwa pale unapojithibitisha kwa hati. Kiungo cha kubadilisha nenosiri, kikitumwa kwa baruapepe au namba ya simu, hakijali unaitwa nani. Kwa hiyo rudisha kwanza laini yako, kisha jaribu kuingia kupitia kompyuta au simu uliyowahi kuitumia, ukiwa kwenye intaneti uliyoizoea. Mimi laini ilikuwa imekaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu ikampa mtu mwingine, na baruapepe ilikuwa ya kazi niliyoacha. Zikabaki hati tu.

Kitambulisho peke yake hakiwezi kueleza kwa nini una majina mawili. Cheti cha ndoa kinaweza, kwa sababu kina jina langu la usichana na jina la mume pamoja. Fomu ilipokea faili moja, basi nikaviweka vyote viwili mezani na kuvipiga picha moja mchana: pembe zote zionekane, mwanga usimulike juu ya plastiki. Usikate wala kurekebisha picha kwa programu, maana hati iliyochezewa hutiliwa shaka hata ikiwa halali. Kwenye maelezo niliandika:

“Jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa ni zilezile kwenye akaunti na kitambulisho. Jina la mwisho kwenye akaunti ni la mume wangu. Cheti cha ndoa kinaonyesha majina yote mawili.”

Safari hiyo walikubali.

Angalia hapo kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mdogo wangu alifuata njia hiihii akakwama, kwa kuwa alipofungua akaunti alijipunguzia miaka miwili. Cheti cha ndoa huunganisha majina. Umri wa uongo hakiurekebishi.

Wakati unasubiri, usifungue akaunti mpya yenye jina na picha zilezile. Inaweza kuchukuliwa kuwa unajiigiza, na utakuwa na kesi mbili badala ya moja. Na hao wanaojitangaza kurudisha akaunti kwa malipo, wapishe.

Nilipoingia niliweka baruapepe yangu binafsi na kuandika misimbo ya dharura ya kuingilia kwenye daftari. Jina nalo nililirudisha kama lilivyo kwenye kitambulisho, la mume nikaliweka kwenye sehemu ya jina la ziada. Kabla ya kubadilisha, soma kwanza masharti: Facebook, kwa mfano, ukishabadilisha jina unasubiri siku 60 ndipo ulibadilishe tena. Mume aliuliza mbona nimemwondoa. Nikamwonyesha zile barua tatu za kukataliwa.