Mali ya yatima: nani ashike, nani atumie, mahakama inaingia wapi

Swali: Assalam alaikum dada. Mume wangu alikuwa nahodha, amefariki akaniacha na mvulana wa miaka 11 na msichana wa 7. Baba yake alishatangulia, mamake yuko hai. Deni na gharama za mazishi tumelipa, imebaki 720,000. Ami yao anasema pesa za watoto zikae kwake kwa sababu yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Ni kweli? (Mama, Lamu)

Waalaikum salaam mamangu, pole sana. Si kweli. Kwa madhhabu yetu ya Shafii mwenye mamlaka juu ya mali ya mtoto ni baba, halafu babu mzaa baba, halafu mtu aliyeachiwa wasia na mmoja wao, na kama hao wote hawapo basi Kadhi ndiye anayemteua mtu. Ami hayumo kwenye hiyo orodha. Na nikuambie ukweli mama, kwa kauli yenye nguvu na wewe pia humo moja kwa moja. Kulea watoto ni kwako, kushika mali yao ni kazi nyingine, lakini Kadhi anaweza kukupa na akina mama wengi wanapewa.

Tuzigawe kwanza ili ujue tunalinda nini. Wewe mke mwenye watoto una thumuni, yaani 90,000. Mama wa marehemu ana sudusi, 120,000. Inabaki 510,000 ya watoto, na mvulana anachukua mara mbili ya dadake, kwa hivyo yeye 340,000 na msichana 170,000. Ami hapati kitu maana kuna mtoto wa kiume amemzuia.

Sasa nenda mahakama ya Kadhi hapo Lamu na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na ukifungua kesi ya mirathi usiombe kugawiwa tu, omba pia hukumu iandike jina la atakayeshika fungu la kila mtoto na atatoa hesabu lini. Watu wengi husahau hapa, wanatoka na mafungu yameandikwa vizuri kabisa lakini hakuna jina la mshikaji, halafu pesa inaishia kwa yeyote aliyefika benki mwanzo. Mimi ningekushauri uombe mshike wawili, wewe na mtu mwingine mnayemuamini nyote, na akaunti isitoe bila saini mbili.

Swali: Mimi ndiye niliyepewa na Kadhi kushika za wanangu. Naruhusiwa kununulia chakula? Na paa la nyumba ya marehemu linavuja, nikatoe kwao? (Mama, Pate)

Chakula, nguo, ada, dawa, ndiyo. Mtoto mwenye mali yake analishwa kwa mali yake, si lazima umalize thumuni yako kwanza halafu ndio uguse ya kwao. Lakini mali ya mmoja isimlishe mwingine. Kama kaka ana zaidi, ada ya dada haitoki kwa kaka, na hapa ndipo mama mwenye nia nzuri kabisa huchanganya bila kujua maana kwake wote ni wanawe na sufuria ni moja.

Paa ni la wote waliorithi nyumba kwa hivyo kila mmoja achangie kwa fungu lake. Tuchukue warithi kama wa yule mama wa Lamu hapo juu, na fundi ataka 36,000: mvulana 17,000, msichana 8,500, nyanya yao 6,000, na mjane 4,500. Ukitoa yote 36,000 kwa pesa ya mvulana kwa sababu ndiye mwenye nyingi, umemdhulumu hata kama yeye ndiye analala chini ya hilo paa.

Nunua daftari la kawaida, kurasa za mbele za mmoja, za nyuma za mwingine. Tarehe, kiasi, cha nini, kimebaki ngapi, na risiti uibane kwenye ukurasa huo huo. Nimemuona mama mmoja ameleta mfuko wa karatasi umejaa risiti za miaka mitatu zimefifia hazisomeki, na pesa alikuwa ametumia vizuri, ila alihangaika sana kuthibitisha.

Swali: Nashika pesa ya mtoto wa marehemu kakangu. Naweza kununua injini ya boti nayo kisha nirudishe na faida? Na je, kazi hii hailipwi? (Ami, Malindi)

Injini ndugu yangu usinunue. Kujikopesha mali unayoishika wewe mwenyewe ni kuwa mkopaji na mkopeshaji kwa wakati mmoja, na injini ikizama mtoto hana wa kumdai ila wewe. Sheria ya Mirathi ya Kenya, kifungu cha 94, inasema msimamizi aliyetumia mali vibaya au akaiacha ipotee atailipa mwenyewe. Ukitaka pesa izae, peleka pendekezo kwa Kadhi kwa maandishi, na mkataba uwe na mtu mwingine si wewe.

Malipo yako yako kwenye Suratun-Nisaa aya ya 6: tajiri ajizuie, fakiri ale kwa kiasi cha wema. Nauli ya kwenda mahakamani na gharama za karatasi ni za mtoto, ziandike. Zaidi ya hapo uliza Kadhi akuandikie kiasi, usijikadirie.

Swali: Wakwe wanataka kuuza ploti ya mwanangu, mnunuzi yuko tayari na keshi. Inawezekana? (Mama, Malindi)

Bila amri ya mahakama, hapana. Ardhi ya mtoto huuzwa kwa haja au kwa faida iliyo wazi ya mtoto mwenyewe, na hakimu atataka kuona hiyo haja kwenye karatasi: barua ya ada au ya hospitali, ripoti ya mthamini, na pesa iliyobaki kwenye akaunti yake. Akiruhusu, omba amri iseme bei ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya mtoto. Mnunuzi anayeng'ang'ania keshi na haraka, na bei iko chini ya ploti za jirani, basi simama hapo hapo.

Na kama hesabu hazitoki, mwandikie mshikaji barua ya kuomba hesabu, ubaki na nakala, akinyamaza uipeleke kwa mahakama iliyompa mamlaka. Kutotoa hesabu ni sababu tosha ya kunyang'anywa usimamizi, kifungu cha 76 cha hiyo hiyo Sheria ya Mirathi.

Swali: Sisi si Waislamu, mambo ni hayo hayo? (Baba, Malindi)

Mafungu ni tofauti, ulinzi unafanana. Asipokuwepo wasia na kuna mtoto mdogo, mahakama haimpi mtu mmoja pekee usimamizi, lazima wawe wawili au zaidi lakini wasizidi wanne, isipokuwa akiwa ni Mdhamini wa Umma. Mjane anayetumia mali maisha yake yote bado hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama.

Swali: Kijana ana miaka 16, amebaleghe, ataka pesa yake anunue pikipiki. (Mjomba, Lamu)

Kubaleghe peke yake hakutoshi, Qurani imesema wajaribiwe mpaka uonekane uongofu wa kushika mali, na sheria ya nchi inamhesabu mtoto mpaka 18. Mjaribu basi: mpe 2,000 ya mahitaji ya mwezi aandike mwenyewe, muone mwisho wa mwezi pamoja. Akitimiza miaka 18 na akishapata kitambulisho fungueni daftari mbele yake, msome ukurasa kwa ukurasa, stetimenti ya benki iwe mezani, mashahidi wawili waweke saini na yeye aweke, kisha nakala moja mpeleke kwa Kadhi ikae kwenye faili.