Usiiulize Roboti Kama Ina Uhakika, Soma Logi Zake

Msomaji mmoja kaniandikia juzi. Anatengeneza roboti ya kupokea jumbe za wanachama wa Saccos, na kwenye maelekezo yake kaongeza sentensi: "Mwisho wa jibu taja una uhakika kwa asilimia ngapi." Anauliza kama itatosha kupeleka kwa mhudumu kila jibu lililo chini ya asilimia 80.

Ndugu yangu, haitatosha. Asilimia hiyo ni maandishi tu kama maandishi mengine ya roboti, na mara nyingi utakuta 90 au 95 hata pale ilipobuni jibu. Namba ya kutazama iko nyuma ya maandishi. Kila mara modeli ya lugha inayoendesha roboti inapoandika tokeni, yaani kipande kimoja cha neno, huwa imeshavipa vipande vyote vinavyoweza kufuata uwezekano wake. Baadhi ya huduma hukupa uwezekano huo kwa logi asilia ukiuomba.

Niliwahi kutengeneza roboti ya aina hii kwa mteja. Kazi yake ilikuwa kugawa jumbe: A malipo, B mkopo, C malalamiko, D mengineyo. Niliilazimisha ijibu kwa herufi moja, na hapo ndipo penye siri. Ukiiacha ijibu kwa maneno, uwezekano unagawanyika kati ya "Malipo", "malipo" na "Suala la malipo", na roboti isiyo na shaka yoyote itaonekana ina wasiwasi. Herufi moja ni tokeni moja, na namba yake inasomeka.

```python
import math
from openai import OpenAI

client = OpenAI()
r = client.chat.completions.create(
    model=MODEL, messages=jumbe, max_tokens=1,
    logprobs=True, top_logprobs=5)
for t in r.choices[0].logprobs.content[0].top_logprobs:
    print(t.token, round(math.exp(t.logprob), 2))
```

Chukua ujumbe huu: "Nimetuma hela jana mpaka leo haionekani, mnanichosha." Tuseme A imepata logi ya -0.60 na C -0.87. Ukizigeuza kwa `math.exp` unapata 0.55 na 0.42. Roboti itajibu A bila kusita, lakini wewe unaona kwamba imesimama njia panda, na kweli ujumbe ni wa malipo na ni malalamiko pia. Huo ni wa kusomwa na mtu. Ujumbe wa "Naomba fomu ya mkopo" ukipata -0.01, yaani 0.99, uache upite.

Mteja yule hakupenda. Alisema roboti inayoomba msaada wa mtu ni roboti mbovu, kazi akampa mwingine. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu wanachama waliokuwa wakidai fedha zao ndio waliostahili kusomwa na macho ya mtu. Basi nakusihi, usikubali kuondoa mlango huo wa kumfikia mtu kwa sababu tu mwenye fedha anataka kuona kila kitu kikijiendesha.

Kiwango cha kukatia, yaani uwezekano ambao chini yake ujumbe unaenda kwa mtu, usikikopi kwangu. Chukua jumbe kama 200 ambazo watu wameshazigawa kwa mkono, zipitishe kwenye roboti, kisha zipange kwa makundi ya uwezekano: zilizo juu ya 0.95, kati ya 0.8 na 0.95, na kushuka chini. Hesabu ngapi ni sahihi katika kila kundi. Ukikuta kundi la kati ya 0.8 na 0.95 linapatia mara saba tu kati ya kumi, jua modeli inajiamini kupita kiasi, na uinue kiwango. Jambo hili si geni: OpenAI walipotoa ripoti ya GPT-4 mwaka 2023, walionyesha kwamba kabla ya mafunzo ya mwisho ya kuifanya itii watumiaji, uhakika wa modeli ulilingana vizuri na usahihi wake, na baada ya mafunzo hayo ulinganifu ukapungua.

Kuna mtego mwingine. Ukiiambia roboti ieleze sababu kwanza kisha itoe herufi, herufi hiyo mara nyingi itapata karibu 1.0, maana maelezo yameshaamua jibu. Shaka imebaki ndani ya maelezo, wewe huioni. Hapo, au pale huduma isipotoa logi kabisa, uliza swali lilelile mara tano ukiwa umeweka `temperature`, kipimo cha jinsi majibu yanavyoweza kutofautiana, kuwa 0.7. Majibu yakigawanyika tatu kwa mbili, mpe mtu.

Na ukweli wa nje logi hazikuambii. Riba ikibadilika leo na maelekezo ya roboti bado yana ile ya zamani, itataja ya zamani kwa 0.99. Viwango vya riba, tarehe na salio visome moja kwa moja kwenye mfumo wa Saccos, hata logi ziwe nzuri namna gani. Na siku huduma ikibadilisha toleo la modeli, rudia zile jumbe 200 kabla hujairudisha kazini, kwa kuwa 0.9 ya toleo jipya si lazima iwe na maana ya 0.9 ya lile la zamani.