Kromati na dikromati: hesabu matone kabla ya kuilaumu asidi

Mara ya kwanza kuwafanyisha kidato cha tano jaribio hili, mwanafunzi mmoja aliniita: "Mwalimu, asidi hii imeharibika, rangi haigeuki." Nikaitazama testityubu yake, njano tupu. Alikuwa ameshadondoshea asidi matone kumi. Nikambadilishia chupa, mambo yakawa yale yale. Kosa halikuwa la asidi.

Alianza vizuri, na sentimita mbili za ujazo za potasiamu dikromati ya 0.1 M, rangi ya chungwa. Ndani ya myeyusho huo kuna msawazo huu:

2CrO₄²⁻ + 2H⁺ ⇌ Cr₂O₇²⁻ + H₂O

Kushoto ni kromati, ya njano; kulia dikromati, ya chungwa. Ukitia sodiamu haidroksidi, ioni za OH⁻ hukamata H⁺ na kuzifanya maji. H⁺ zikipungua, msawazo unasogea kushoto kuziba pengo: dikromati inavunjika, njano inatokea. Ukitia asidi, H⁺ zinaongezeka, msawazo unarudi kulia.

Sasa tupige hesabu. Dikromati ile ni milimoli 0.2, na kila moja inahitaji OH⁻ mbili, yaani milimoli 0.4. Kwa alkali ya 1 M hizo ni matone manane hivi, tukichukulia matone ishirini kwa sentimita moja ya ujazo. Kijana wangu alitia ishirini, "ili iwe njano kabisa". Matone kumi na mawili yakabaki ya ziada, na njano haiwezi kukuonyesha ziada hiyo. Asidi ya salfa ya 0.5 M inatoa H⁺ za 1 M, kwa hiyo matone kumi na mawili ya mwanzo yaliishia kupambana na alkali iliyozidi. Chungwa lilianza kurudi baada ya hapo, na likakolea alipofikisha ishirini.

Tangu siku hiyo nasisitiza: tia alkali tone kwa tone, tikisa, acha mara njano inapotulia.

Wengi huandika kwenye ripoti kwamba kromiamu imeoksidishwa. Hapana, pande zote mbili ina +6. Ukiona kijani ndipo ujue kuna upunguzwaji, kromiamu imeshuka hadi +3. Kwangu ilitokea kwenye testityubu iliyosuuzwa kwa ethanoli na haikukaushwa. Asidi ilipoingia, chungwa likaanza kuchafuka kuelekea kijani, na alkali haikuirudishia njano yake. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi asidi ya hidrokloriki kali hapa: dikromati huweza kuitoa klorini.

Vaeni glavu, maana kromiamu ya +6 husababisha saratani, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Mimi huyakusanya kwenye chupa yenye lebo, natia asidi kisha feri(II) salfeti hadi chungwa lipotee, ndipo naongeza alkali, mashapo yakae chini.