Kila Mmoja na Sahani Yake

*Shikamoo Shangazi. Sisi ni marafiki watano hapa Lamu, na kila mwisho wa mwezi tunakula pamoja katika mkahawa wa ufuoni. Mimi ni mwalimu wa chekechea, wenzangu wana mishahara mikubwa kuliko wangu, na bili huwa tunaigawa sawa kwa sawa. Juzi nilikula wali na samaki wa kupaka, nikanywa juisi moja, vyote shilingi 800, nikalipa 1,600. Naona haya kusema, wasije wakadhani nawahesabia matonge. Nakutumia picha ya risiti. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma risiti yako mstari kwa mstari. Sinia la sambusa na viazi karai lililowekwa katikati ni shilingi 600, yaani 120 kwa kila mmoja. Nikiongeza hizo 120 juu ya alichojiagizia kila mtu, napata kwamba wewe ulipaswa kulipa 920, aliyekula kuku 1,120, aliyekula pweza 1,220, aliyekula kamba 1,820, na mwenye kambakoche 2,920. Jumla ni 8,000 ile ile. Tazama basi: si wewe peke yako uliyeumia. Wa kuku alizidisha 480 na wa pweza 380, na huenda nao walirudi nyumbani wakiwa na uzito uleule moyoni, kila mmoja akidhani ni yeye tu.

Wala usimwekee kinyongo aliyekula kambakoche. Bili ikigawanywa kwa watano, kila shilingi 1,000 anayoiongeza mtu kwenye chakula chake humtoka yeye 200 tu, na ni vigumu mtu asivutwe na bei kama hiyo hata akiwa mwema kiasi gani. Mwaka 2004 watafiti wa uchumi walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika mkahawa mmoja mjini Haifa, Israeli, ambako watu walikaa kwa makundi ya sita sita. Walioambiwa kila mtu atajilipia waliagiza chakula cha wastani wa shekeli 37, na walioambiwa bili itagawanywa sawa wakaagiza cha wastani wa shekeli 51. Na wengi wao walipoulizwa wangependa utaratibu upi, walichagua kujilipia.

Sasa hilo la matonge, ambalo naona ndilo linalokufunga mdomo. Sisi tumelelewa kwenye sinia moja, ambamo kila mtu hula mbele yake na hakuna anayetazama mkono wa mwenzake, na kuhesabu hapo ni aibu kweli. Lakini mkahawani kila mmoja huagiza sahani yake, kwa bei yake, na kambakoche hata hupimwa kwa kilo kabla ya kupikwa. Anayelipia sahani yake hajamhesabia mtu tonge. Kilicho cha sinia pale mezani ni zile sambusa na viazi karai, na hizo endeleeni kuzigawana sawa bila kuuliza nani alikula ngapi.

Kosa la wengi ni kungoja mpaka bili ifike. Wakati huo neno lolote linakuwa ni lawama, kwa sababu kambakoche keshaliwa na mwenyewe yuko mbele yako. Sema mapema, siku mnapopanga kukutana, na uanze na mmoja: yule wa kuku au wa pweza. Kisha waandikie wote, "Mwezi huu mimi nitajilipia changu, na vya katikati tugawane." Usitoe sababu ndefu, wala usizue kwamba umeshakula nyumbani. Mkifika, mwambieni mhudumu kabla hajaandika oda kwamba mnataka bili tano na vya katikati vigawanywe. Akishaandika zote pamoja, kuzitenganisha baadaye huwa kazi, na hapo ndipo watu huchoka na kusema, "Basi tugawe tu."

Kila mmoja alipe mwenyewe kwa nambari ya till. Mkimtumia mmoja wenu ili alipe kwa niaba ya wote, kila anayetuma hukatwa ada, na daima huwa kuna anayesema "nitakutumia kesho".

Na ikiwa mmoja wao atasema, "Wewe usilipe, nitakulipia," mpokee kwa shukrani siku hiyo moja. Akirudia mwezi unaofuata, mwambie kwa upole kwamba ungependa kulipa zako 920, kwa sababu anayelipiwa kila mara huanza kuona haya hata kuagiza juisi. Siku ya kumsherehekea mmoja wenu ni jambo jingine: sahani yake ni ya wanne mliobaki, basi kubalianeni kiasi kabla ya kuchagua mkahawa, na kiasi hicho kipimwe kwa mfuko wa mwenye kidogo.