Bia kwanza, kali kwanza: niliangalia bili

*Swali la wiki: "Wakubwa walinifundisha kwamba ukianza na bia ukamalizia na pombe kali, utaamka kichwa kinapasuka, ila ukianza na kali huna shida. Ni kweli au ni maneno ya kaunta?"*

Maneno ya kaunta, na mimi ndiye niliye kaunta, hapa Moshi, mwaka wa 11 sasa.

Desemba iliyopita, watu wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, waliingia mashemeji wawili saa 2 usiku. Mmoja aliagiza bia 3 za nusu lita, akafunga na kichupa cha kali cha mililita 200. Mwenzake anaiamini sana kanuni ya wakubwa, kwa hiyo alianza na kichupa, kisha akashushia bia 3. Bili zao zilifanana hadi shilingi ya mwisho. Saa 3 asubuhi walirudi kutafuta supu, na wote wawili walikuwa wameshika vichwa.

Wajerumani walilijaribu jambo hili kwa vipimo, matokeo yakatoka mwaka 2019. Walichukua watu 90. Kuna waliokunywa bia kisha mvinyo, waliokunywa mvinyo kisha bia, na waliokunywa aina moja tu. Kila mmoja alikunywa hadi pumzi yake ilipofika kiwango kilekile cha ulevi. Siku nyingine makundi ya mchanganyiko yalibadilishana mpangilio, na waliokunywa aina moja wakapewa ile nyingine. Mning'inio haukubadilika. Kilichosaidia kubashiri nani ataamka vibaya ni jinsi mtu alivyojiona amelewa usiku ule, na kama alitapika. Ni kweli hawakutumia kali, lakini hesabu yangu inaelekea hukohuko.

Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi chenyewe. Tatu ni 60. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina gramu 55, yaani karibu bia 3 nyingine kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati. Jumla ni 115. Ini la mwanaume wa kilo 70 humaliza kama gramu 7 kwa saa, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu, na halijali ulianza na nini. Gawanya: ni saa 16. Aliyeanza saa 2 usiku anamaliza saa 6 mchana.

Sasa mbona wakubwa waliona tofauti? Nadhani waliona jambo la kweli wakalipa sababu isiyo yake. Anayeanza na bia, kali inapofika mezani ameshachangamka, hapimi tena. Anamimina kama maji, halafu anaagiza kichupa cha pili ambacho asubuhi hakikumbuki. Nimeshaonyeshwa bili mara nyingi na mtu anayeapa kwamba alikunywa kimoja. Kwa mbege hata bili haisaidii, kwani kata haina lebo, na ya leo si kali kama ya juzi.

Rangi ya kinywaji ina ukweli kidogo. Wamarekani waliwalinganisha watu waliokunywa wiski ya mahindi ya kahawia na wengine waliokunywa vodka, kilevi kikiwa sawa. Wiski iliwaamsha watu wake vibaya zaidi, maana ina masalia mengi ya uchachushaji na ya pipa. Lakini uwezo wao wa kufanya kazi ulishuka sawasawa kwa vyote viwili. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo havipunguzi kilevi mwilini, vinakufukuzia usingizi tu, ukabaki kiti kirefu ukiendelea kuagiza.

Turudi kwenye supu. Shemeji wa bia-kwanza aliniomba bia moja ya baridi "kutoa loki, dada." Nikamwambia, shemeji, hesabu kwanza. Saa 13 zimepita, umeshachoma gramu 91, bado una 24 mwilini, zaidi ya bia nzima. Mning'inio huwa mkali zaidi pale kilevi kinapokaribia kuisha, kwa hiyo wako ndio kwanza unapanda. Ukiongeza bia hii utajisikia nafuu, kweli, kwa sababu umelewa tena, na ile saa 6 inasogea hadi saa 9 alasiri.

Akaniangalia muda mrefu. "Dada, wewe unauza au unazuia?"

Nikamfungulia. Saa 9 na robo alipita kuulizia kofia yake, akaomba maji, akakaa kivulini nyuma ya jiko bila kusema na mtu.