Maelezo binafsi ya chuo cha ualimu: andika kosa la mtoto, acha ndoto zako

Wiki hii binti mmoja ameniandikia: "Dada, nimefundisha shule ya jamii tangu nimalize sekondari, sina cheti. Sasa naomba chuo cha ualimu na wanataka maelezo binafsi ya ukurasa mmoja. Nimeandika nimefuta, nimeandika nimefuta. Naomba unisomee." Nikamsomea. Aya ya kwanza ilisema ualimu ni wito, na kwamba tangu utotoni alikuwa akiwapanga wadogo zake na kuwafundisha. Ya pili ilikuwa ya paa linalovuja. Ya tatu, watoto wanaokaa chini. Ya nne ikarudi kwenye wito.

Sina shaka kwamba yote ni kweli. Nami nilifundisha darasa la namna hiyo, watoto wa umri tofauti wamebanana chumba kimoja, ubao mmoja umegawanywa kwa mstari wa chaki ili madarasa mawili yautumie. Lakini anayesoma maombi ni mkufunzi mwenye rundo la karatasi mezani, na huo wito ameshakutana nao kwenye karatasi iliyotangulia. Paa linamweleza habari za jengo. Yeye anataka kujua habari zako: ukisimama mbele ya watoto unaona nini, na ni kitu gani hasa kinakushinda ambacho chuo kinaweza kukufundisha. Ukurasa usiojibu hayo mawili umepotea, hata kama Kiswahili chake kinamtoa mtu machozi.

Sisi tuliofundisha bila cheti huwa tunateleza upande mmoja kati ya pande mbili. Wengine wanaona haya, wanaandika kwamba walikuwa "wakisaidia tu" shuleni. Wengine wanajigamba kwamba wanajua kufundisha na wamebakiza cheti, na hapo mkufunzi anajiuliza huyu anakuja kufanya nini. Mimi machungu ya jambo hili nayajua. Siku moja mgeni mmoja wa ukaguzi alichungulia darasani kwangu, akamwambia mwenzake, nami nasikia, kwamba hapa watoto wanalindwa tu mpaka saa ya kwenda nyumbani. Bado linaniuma. Hata hivyo sikumjibu kwenye ukurasa wangu wa maombi, na wewe wako usimjibu. Ukurasa ule nimeujaza hesabu za kutoa.

Naomba tukae hapo kwenye hesabu za kutoa, kwa sababu ndizo zilizoniingiza chuoni.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana mtulivu, daftari safi, mistari imenyooka. Kwenye 58 − 23 alipata 35. Kwenye 52 − 27 pia akapata 35. Niliweka kosa kwa kalamu nyekundu, kisha nikamwita mezani anieleze amefikaje hapo. Akasema bila wasiwasi: "Mwalimu, mbili haitoshi kutoa saba, kwa hiyo nimetoa mbili kwenye saba nikapata tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu." Mtoto huyo hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kila siku: kwenye kila safu, namba ndogo inatolewa kwenye kubwa, iwe juu iwe chini. Na kanuni hiyo inampa jibu sahihi kila mara ambapo hakuna kuazima. Ukimpa zoezi zima la hesabu kama 58 − 23 atapata zote, utaweka vema ukurasa mzima, na hutajua kitu.

Nikachukua vijiti. Mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili pekee, hiyo ndiyo 52. Nikamwambia aondoe 27. Alipofika kwenye vijiti saba akakwama, akanitazama, akafungua fungu moja mwenyewe. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Akaondoa saba, akaondoa mafungu mawili, yakabaki mawili na vijiti vitano: 25. Nikarudia hivyo na wengine, na wengi wakaacha ile kanuni ya ndogo kwenye kubwa.

Kisha tukafika mamia, na hapo ndipo ujuzi wangu ulipokomea. Kwenye 304 − 178, jibu ni 126. Baadhi ya watoto waliandika 274. Hao walikuwa wamerudi kwenye kanuni ya zamani. Wengine waliandika 226. Nililitazama hilo 226 kwa muda mrefu. Mtoto wa 226 anajua kuazima: nne imekuwa kumi na nne, sifuri imekuwa tisa, ila tatu ya mamia ameiacha kama ilivyo. Amekopa mahali ambapo hapakupungua. Homa ni moja lakini magonjwa ni mawili, na mimi nilikuwa na dawa moja tu, vijiti. Nikafunga mafungu ya mia, nikayafungua mbele yao, wakaitikia kwa kichwa kwamba wameelewa. Waliporudi kwenye madaftari, 274 na 226 zikarudi vilevile.

Aya hii ndiyo niliyoiandika kwenye maelezo yangu, naiweka kama ilivyokuwa:

"Nimegundua kwamba majibu mawili yasiyo sahihi kwenye hesabu ileile yanaweza kutokana na sababu tofauti. Naweza kumhoji mtoto mmoja mmoja nikaipata sababu, lakini sijui kuandaa jaribio fupi litakalonionesha sababu hizo kwa darasa zima. Pia, watoto wangu wanafaulu kwa vijiti na kushindwa kwenye maandishi, na sijui namna ya kuwavusha. Hakuna mwalimu aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu akaniambia nilichokosea. Haya matatu ndiyo ninayoyafuata chuoni."

Ona aya hiyo inavyofanya kazi. Haimwombi mkufunzi huruma wala haijisifu, ingawa ndani yake kuna sifa kubwa kuliko kujisifu kokote: mwandishi anasoma madaftari ya watoto. Kila sentensi ya "sijui" imetanguliwa na kitu anachokijua, kwa hiyo haionekani kama kujidhalilisha. Na yale matatu ni mambo ambayo chuo kweli kinafundisha. Ukisema unataka "kuongeza maarifa na kukuza taaluma" umesema kitu ambacho hata anayeomba chuo cha uhasibu angekisema.

Baadaye, nikiwa ndani, ndipo nilipojua kwamba njia hiyo ina wenyewe. Watafiti John Seely Brown na Richard Burton waliandika mwaka 1978 kuhusu makosa ya watoto katika kutoa, wakaonesha kwamba mengi ni taratibu potofu zinazofuatwa bila kubadilika, si kubahatisha. Naye Lee Shulman, mwaka 1986, alitenganisha kulijua somo na kujua namna somo hilo linavyofundishika, na katika hilo la pili akaweka ujuzi wa dhana ambazo wanafunzi huja nazo. Maana yake mkufunzi anayesoma karatasi yako huenda ameyasoma haya. Ukimletea 226 na ukaieleza, anakuelewa papo hapo.

Na jibu la vijiti? Nililipata chuoni, na ni jepesi kiasi cha kukasirisha. Watoto wawili wanakaa pamoja, mmoja anashika vijiti na mwingine anashika kalamu. Mwenye vijiti haruhusiwi kufanya hatua inayofuata mpaka mwenzake aiandike iliyotangulia. Fungu la mia likifunguliwa kuwa makumi kumi, kalamu inafuta 3 na kuandika 2. Kumi moja likifunguliwa, kalamu inaandika 9 na 14. Hapo mtoto anaona ile tisa imetoka wapi, na mia haiwezi kubaki tatu kwa sababu ameifuta kwa mkono wake. Mimi nilikuwa nikimaliza vijiti kwanza, kisha naenda ubaoni, nikidhani daraja linajijenga lenyewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na nyinyi wengine mtakaoniandikia, tafuteni 226 yenu. Si lazima iwe hesabu. Labda una mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini ukifunika picha anakwama, maana alikuwa amekariri. Labda mkubwa wa darasa anamaliza kazi mapema na wewe huna la kumpa kwa sababu unahudumia wadogo. Chagua moja. Andika mtoto alifanya nini, wewe ulijaribu nini, kilisaidia wapi na kilikwama wapi. Jina la mtoto usiliandike. Paa lipe sentensi moja, na iwepo kama tu lilibadilisha ufundishaji wako, mfano mvua ikinyesha husikiki ndiyo maana ulijifunza kutumia kadi. Wito uache, au uweke mwishoni kwa maneno machache, maana nakuona huwezi kuuacha.

Halafu jiandae kwa usaili, kwa sababu ukiandika kitu mahususi watakiuliza. Mimi nilipewa chaki. Mmoja wa wasaili akasema, "Haya, mimi ndiye mtoto wa 226, nifundishe." Wanaoazima visa vya wenzao hukwama hapa. Mwenye kisa chake halisi anaanza kwa kuuliza, "Hii tisa umeipata wapi?" na mazungumzo yanakwenda yenyewe.

Limebaki la ushahidi, ambalo wengi wanaliacha mpaka dakika za mwisho. Shule ya jamii mara nyingi haina mkataba wala hati ya mshahara, kwa hiyo uzoefu wako unasimama kwa barua. Iombe kwa mkuu wa shule au mwenyekiti wa kamati, na iseme mambo ya kuhesabika: mwezi na mwaka ulioanza na uliomaliza, masomo uliyofundisha, madarasa, idadi ya watoto kwa makadirio, na jina la aliyekusimamia pamoja na namna ya kumpata. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mchapakazi na una tabia njema haithibitishi kitu. Ikishaandikwa, iweke kando ya ukurasa wako usome zote mbili kwa pamoja. Kama barua inasema umefundisha darasa la pili na la tatu, nawe umeandika la pili mpaka la nne, rekebisha kabla hujatuma. Na madaftari yenye makosa hayo, kama mzazi ameridhia, piga picha ya ukurasa mmoja, funika jina, uende nayo kwenye usaili.