Maswali na majibu: Dawa zipi zihesabiwe kila wiki, zipi zisubiri

Nina famasi Mbagala, bidhaa zinakaribia 600. Nimeambiwa nizigawe makundi A, B na C. Nichukue zile za bei kubwa niziite A?

Hapana. Bei pekee inadanganya. Dawa ya shilingi 80,000 inayouzwa mara mbili kwa mwaka haibebi mtaji wako, bali ile ya 2,000 inayotoka kaunta kila saa ndiyo inayoubeba. Kinachogawa makundi ni thamani ya matumizi ya mwaka, yaani idadi iliyotoka ndani ya miezi 12 ukizidisha na bei uliyonunulia. Nasisitiza uliyonunulia. Faida unayoweka juu haifanani kwa kila bidhaa, na fedha iliyolala rafuni ni ile uliyomlipa muuza jumla Kariakoo.

Ukishapata thamani ya kila bidhaa, zipange kuanzia kubwa kushuka, kisha jumlisha moja baada ya nyingine ukiangalia umefikia asilimia ngapi ya jumla yote. Tuchukue bidhaa kumi tu. Bei ni za mfano.

| Bidhaa | Idadi kwa mwaka | Bei ya kununua | Thamani | Asilimia inayojumlika |
|---|---|---|---|---|
| Amoksiklavu, pakiti | 600 | 9,000 | 5,400,000 | 30.0 |
| Insulini ya mchanganyiko, kichupa | 240 | 18,000 | 4,320,000 | 54.0 |
| Dawa mseto ya malaria, dozi | 1,500 | 2,000 | 3,000,000 | 70.7 |
| Losatani, pakiti | 500 | 3,600 | 1,800,000 | 80.7 |
| Sirapu ya kikohozi, chupa | 350 | 3,000 | 1,050,000 | 86.5 |
| Metfomini, pakiti | 400 | 2,100 | 840,000 | 91.2 |
| Omeprazoli, pakiti | 800 | 900 | 720,000 | 95.2 |
| Parasetamoli, boksi la vidonge 1,000 | 60 | 9,000 | 540,000 | 98.2 |
| Chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti | 1,200 | 250 | 300,000 | 99.8 |
| Adrenalini, ampuli | 20 | 1,500 | 30,000 | 100.0 |

Bidhaa tatu za juu zimekula asilimia 70 ya fedha yote. Hizo ndizo A. Losatani, sirapu na metfomini ni B, na nne zilizobaki ni C. Kwa duka lenye bidhaa 600, kundi A kwa kawaida huwa na bidhaa 60 hadi 120 hivi, na C huchukua zaidi ya nusu ya rafu zako.

Kwenye Excel, idadi ikae safu ya C, bei safu ya D, thamani safu ya E. Panga kwanza kwa safu ya E kuanzia kubwa, ndipo uandike fomula za F na G. Ukipanga baada ya kuandika, fomula za kujumlisha zinaweza kuvurugika bila wewe kuona.

```
E2: =C2*D2
F2: =SUM(E$2:E2)/SUM(E$2:E$601)
G2: =IF(F2<=0.75,"A",IF(F2<=0.95,"B","C"))
```

Mipaka ya 75 na 95 si amri. Wengine hukata kwenye 70 na 90, na kwa mipaka hiyo dawa mseto hapo juu ingeshuka B kwa sababu ya nukta saba tu za asilimia moja. Bidhaa iliyokaa mpakani iamue mwenyewe kwa macho, usiiachie fomula.

Nimefanya kama mlivyoelekeza lakini parasetamoli imetoka ya kwanza, juu ya insulini. Inawezekana? *(Mtoa dawa, Sinza)*

Kwa famasi ya mtaani, karibu haiwezekani. Angalia kipimo. Inaelekea idadi umeitoa kwenye mauzo, ambako mfumo unahesabu vidonge, halafu bei umeitoa kwenye risiti ya jumla, ambako umelipia boksi. Mabokisi 60 ni vidonge 60,000. Ukizidisha 60,000 na bei ya boksi ambayo ni 9,000 unapata shilingi milioni 540, na mstari huo mmoja unazisukuma bidhaa nyingine zote C.

Njia ya kulinasa kosa hili ni rahisi: linganisha jumla ya safu ya E na jumla ya ulichowalipa wauzaji wa jumla mwaka huo. Hazitalingana kabisa, maana stoku ya mwanzo na ya mwisho hutofautiana, lakini zikipishana mara mbili au tatu kuna kipimo kimekosewa mahali. Anza kukagua vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabu, sindano zinazokuja mia kwa boksi, na sirapu zinazokuja kwa katoni. Ongeza safu ya kipimo pembeni ya jina na uandike kichupa, pakiti au kidonge, kisha bei na idadi zifuate kipimo hichohicho.

Sisi ni famasi ya zahanati Kigamboni. Adrenalini imeangukia C, mkubwa anasema kwa kuwa ni C tusiwe tunajisumbua nayo. Mimi moyo unakataa.

Moyo wako uko sahihi, ndugu. A, B na C zinajibu swali moja tu: fedha iko wapi? Hazijui mgonjwa aliyevimba koo baada ya sindano anahitaji nini ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kila bidhaa hupewa herufi ya pili inayotokana na uzito wake kwa mgonjwa: V kwa dawa ambayo ikikosekana mtu anaweza kufa, E kwa dawa muhimu inayotibu maradhi ya kawaida yenye madhara, na N kwa ile ambayo ikikosekana wiki mbili hakuna atakayedhurika. Herufi hii haitoki kwenye hesabu. Wanakaa mganga, muuguzi na mfamasia, wanaipitia orodha na kukubaliana. Wakijikuta wameweka V kila mahali, kazi irudiwe.

Adrenalini yenu sasa ni CV. Mwaka mzima inawagharimu 30,000. Kuweka ampuli tano wakati wote ni shilingi 7,500, kwa hiyo hakuna hoja ya mtaji hapa. Hatari yake ni nyingine: kwa kuwa hutumika kwa nadra, huisha muda wake kimyakimya kwenye trei ya dharura. Mtu mmoja apewe jukumu la kuikagua kila mwezi, aangalie tarehe na rangi. Iliyogeuka ya waridi au ya kahawia imeharibika, hata kama tarehe haijafika. Ibaki ndani ya boksi lake, kwa sababu mwanga ndio unaoiharibu.

Sirapu ya kikohozi ni kinyume chake. Kwa fedha ni B, kwa mgonjwa ni N. Mkubwa akitaka mahali pa kubana matumizi, milioni moja iko pale.

Hizo A tuzihesabu mara ngapi, na tukikuta upungufu tufanye nini? *(Msimamizi wa famasi, Tegeta)*

A kila wiki, B kila mwezi, C kila miezi mitatu. Huna haja ya kufunga duka. Kama una bidhaa 72 za A, hesabu 12 kila siku kwa siku sita, asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, na anayehesabu asiwe anaiona namba ya kwenye mfumo. Akiiona ataiandika hiyohiyo.

Chukua insulini. Wiki ilianza na vichupa 14, vikaingia 10, vikauzwa 9. Vinatakiwa 15. Kwenye friji mna 13. Pengo ni vichupa viwili, shilingi 36,000. Kabla ya kumshuku mtu, hesabu insulini ya kawaida iliyo pembeni yake. Ikiwa nayo imezidi viwili, hakuna aliyeiba. Huenda kaunta walibonyeza jina moja wakatoa kichupa kingine, au mzigo uliingizwa kwa jina lisilo lake. Hilo ni zito kuliko wizi, kwa sababu yawezekana kuna mgonjwa yuko nyumbani na insulini isiyo yake. Fuatilia risiti za wiki hiyo na uwapigie simu wateja siku hiyohiyo. Kama insulini ya kawaida iko sawa, pitia daftari la madeni, vilivyovunjika ambavyo hakuna aliyeandika, na mzigo uliopokelewa bila kuhesabiwa mlangoni. Ukihesabu kila wiki unatafuta ndani ya siku saba. Ukihesabu mwisho wa mwaka, hakuna anayekumbuka kitu.

Kuagiza nako kubadilike. Insulini inatoka kama vichupa vitano kwa wiki. Ukinunua ya miezi mitatu unalaza 1,080,000 kwenye friji, na umeme ukikatika usiku kucha unahatarisha zote. Agiza 10 kila vinapobaki 8 na utakuwa umefunga 180,000 kwa kila oda. Parasetamoli na chumvi ya maji hazihitaji usumbufu huo: nunua za miezi mitatu, funga akiba ya mwisho kwa rababendi, na siku rababendi inapofunguliwa ndiyo siku ya kuagiza.

Diazepamu kwetu ni C kwa thamani. Nayo tusubiri miezi mitatu? *(Ilala)*

La. Dawa zinazodhibitiwa kisheria ziko nje ya mpango huu. Zinakaa kabati la kufuli, kila inayotoka inaandikwa kwenye rejesta, na salio linalinganishwa na kilichomo kabatini hata kama thamani yake ni ya soda mbili.

Tulipanga makundi mwaka jana. Tupange upya lini? *(Ubungo)*

Mara moja kwa mwaka inatosha, au mapema bei ya bidhaa kubwa inapobadilika sana au mnapoanza kupokea wagonjwa wa bima mpya. Ila msichukue idadi ya mauzo kama ilivyo. Dawa iliyokosekana miezi mitatu inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Dozi 1,500 za dawa mseto zilizouzwa ndani ya miezi tisa ni sawa na 2,000 kwa mwaka: gawa kwa 9, zidisha kwa 12. Na kama miezi iliyokosekana ni ile ya masika, Machi hadi Mei, hata 2,000 huenda ni pungufu, kwa hiyo tazameni miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia kabla ya kuandika namba.